Kazi ya Kuthibitisha ni ya Anayetuhumu

Mwanafunzi anapokea barua pepe fupi kutoka idara yake. Insha yake ya maneno 1,800 imepitishwa kwenye kigunduzi cha maandishi ya akili unde, na ripoti imetoa asilimia 68. Anapewa siku tatu athibitishe kwamba aliiandika mwenyewe. Akishindwa, atapata sifuri na jina lake litapelekwa kamati ya nidhamu. Mfano huu nimeutunga, lakini kila aliyefuatilia mashauri ya aina hii katika miaka ya karibuni ataitambua barua hiyo mara moja.

Barua imekwisha kuamua shauri kabla halijafunguliwa. Imechukua kazi iliyo ya mwalimu, yaani kuonyesha kwamba kosa limetendeka, ikamtwisha mwanafunzi kazi ya kuonyesha kwamba halikutendeka. Katika mashauri ya nidhamu kanuni ni nyepesi kuitaja: anayedai ndiye anayethibitisha, na mzigo huo haumhamii mtuhumiwa eti kwa sababu mtambo umetoa namba. Vyuo vingi vimeiandika kanuni hii katika taratibu zao za udanganyifu wa kitaaluma, na bado inavunjwa katika hatua ya kwanza kabisa, ile ya barua, ambako hakuna kamati wala mwanasheria anayeangalia.

Jaribu kufikiri mwanafunzi huyu atathibitisha kwa kitu gani. Huenda aliandika rasimu kwenye daftari akalitupa. Huenda aliandika kwenye simu, kisha akanakili yote na kuyabandika kwenye faili jipya usiku wa mwisho, kwa hiyo historia ya faili inaonyesha maneno 1,800 yaliyoingia kwa mpigo. Huenda alitumia Word bila kuhifadhi mtandaoni, na hivyo hakuna matoleo ya awali ya kuonyesha. Hata ile hesabu ya muda wa kuhariri inayoonekana kwenye sifa za faili haimsaidii wala haimtii hatiani, maana inahesabu muda faili lilipokuwa wazi na huanza upya mtu anapohamishia maandishi kwenye faili jingine. Mwanafunzi mwaminifu asiyetunza nyayo zake anaonekana sawasawa na aliyedanganya. Utaratibu unaomtaka athibitishe unampa adhabu kwa kutotunza kumbukumbu, na hilo si kosa lililotajwa katika kanuni yoyote aliyowahi kupewa.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 68, kwa sababu wajumbe wengi wa kamati huisoma vibaya. Wao husoma kwamba kuna uwezekano wa asilimia 68 kuwa mwanafunzi amedanganya. Katika kigunduzi kama cha Turnitin, kilichoanza kutumika Aprili 2023, namba hiyo inaeleza kitu tofauti: ni sehemu ya maandishi ambayo mtambo umeikadiria kuwa imeandikwa na akili unde. Haisemi lolote kuhusu uwezekano wa kadirio lenyewe kuwa sahihi. Mjumbe anayejiambia kwamba 68 imevuka 50, basi kosa lina uwezekano mkubwa kuliko kutokuwapo na kiwango cha uthibitisho kimefikiwa, amelinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Kuhusu makosa ya vigunduzi, historia fupi inatosha. Januari 2023 kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kigunduzi chake. Kwa majaribio ya kampuni yenyewe, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya akili unde, na kikawasingizia watu katika asilimia 9 ya maandishi yao halisi. Julai mwaka huohuo kiliondolewa kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Vigunduzi vilivyofuata ni bora zaidi, na baadhi ya watengenezaji hutangaza kosa la kusingizia lililo chini ya asilimia 1. Lakini hata tukiwaamini, hesabu haiishii hapo.

Chukua chuo kinachopokea insha 5,000 kwa muhula. Tuseme 500 kati yake kweli zimeandikwa na akili unde, kigunduzi kinakamata asilimia 80 ya hizo, na kinasingizia asilimia 2 ya insha halali. Kitakamata insha 400 za udanganyifu na kuzitia doa insha 90 za watu waliofanya kazi yao. Katika kila waliotajwa watano, karibu mmoja hana kosa. Sasa punguza wadanganyifu wawe 200 tu, bila kugusa kigunduzi. Waliokamatwa kwa haki wanakuwa 160, waliosingiziwa 96, na katika kila wanane waliotajwa watatu hawana kosa. Mtambo ni uleule na ripoti ni ileile, lakini uzito wake kama ushahidi umebadilika kwa sababu ya jambo ambalo kamati hailijui, yaani ni wangapi hasa wanaodanganya katika darasa hilo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani kilifanya hesabu ya namna hii mwaka 2023: katika mwaka uliotangulia kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin, na kosa la asilimia 1 lingemaanisha kazi 750 hivi kusingiziwa. Kikakizima kigunduzi hicho.

Kuna jambo jingine ambalo wastani huo unalificha, na kwangu ndilo linaloumiza zaidi. Makosa ya vigunduzi hayawaangukii watu kwa bahati nasibu. Vingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika: sentensi zilizonyooka na msamiati wa kawaida huonekana kama kazi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilitajwa kuwa za akili unde, ilhali insha za wanafunzi wa shule za Marekani zilipita karibu zote bila tatizo. Karibu insha zote za TOEFL, asilimia 97.8, zilitajwa na angalau kigunduzi kimoja. Vigunduzi vimebadilika tangu hapo, lakini somo la kisheria lipo palepale. Mtu anayeandika kwa uangalifu katika lugha ya pili atatajwa leo, na muhula ujao atatajwa tena kwa sababu ileile. Kamati isiyojua hili itachukua tukio la pili kuwa ushahidi wa tabia, wakati ni kosa moja la mtambo linalojirudia kwa mtu yuleyule.

Takwimu hizo zinafunga pia mlango ambao wengi huukimbilia. Mwalimu akiona kigunduzi cha kwanza kinatiliwa shaka, huleta cha pili na cha tatu, akasema mashahidi watatu wamekubaliana. Hawakukubaliana kwa maana yoyote ya kisheria, kwa kuwa wote wanatazama alama zilezile na wanakosea mahali palepale. Na ikiwa vitano vilijaribiwa na mwalimu akaleta ripoti ya viwili vilivyotaja udanganyifu, basi kilicholetwa ni uteuzi wake. Utaratibu wa haki umtake aeleze vigunduzi vyote alivyotumia, pamoja na matokeo yaliyompinga.

Kwa hiyo ripoti ya kigunduzi inaweza kuwa sababu ya kuangalia kazi kwa makini, na hapo iishie. Isiwe msingi wa kumtia mtu hatiani, hata ikiambatana na hisia ya mwalimu kwamba "hii haifanani na yeye".

Hilo haliwaachi walimu mikono mitupu, na wanaodai hivyo wanasahau ushahidi uliopo. Marejeo ya kubuni ni ushahidi unaoshikika: insha inataja makala ya jarida fulani, toleo fulani, kurasa fulani, na ukifungua toleo hilo hakuna kitu. Mwalimu anaweza kuonyesha hilo mbele ya kamati, na mwanafunzi anaweza kulijibu. Tena lina faida kwamba katika kanuni nyingi kutaja chanzo kisichokuwapo ni kosa linalojitegemea, bila haja ya kujua nani au nini kilikibuni. Vilevile maneno ya programu yaliyosahaulika ndani ya insha, nukuu ambayo haimo katika kitabu kilichotajwa, au hoja inayotegemea takwimu zisizokuwa katika data aliyopewa mwanafunzi. Hivi vyote vinaweza kukaguliwa na mtu wa tatu akafikia jibu lilelile. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa kila kamati ikitumie: je, mtu asiyemjua mwalimu wala mwanafunzi anaweza kulikagua?

Kumuuliza ChatGPT kama ndiyo iliyoandika insha hakupiti kipimo hicho. Mwaka 2023 mhadhiri mmoja katika chuo cha Texas A&M University–Commerce alifanya hivyo kwa kazi za darasa lake, programu ikakubali kwamba imeziandika, na wanafunzi waliokuwa wakisubiri kuhitimu wakajikuta vyeti vyao vimezuiwa kwa muda. Programu haina daftari la kila ilichowahi kuandika. Ilitoa jibu lililoonekana kufaa.

Turudi kwa mwanafunzi wetu, tuone shauri lake lingekwendaje kama chuo kingefuata haki. Kwanza mwalimu angesoma ripoti, akaiweka kando, akaisoma insha yenyewe. Tuseme anakuta marejeo 12, na mawili kati yake hayapatikani popote. Hapo ana kitu cha kumshtaki nacho. Barua anayoandika ingetaja kanuni inayodaiwa kuvunjwa, sentensi au kurasa zinazohusika, marejeo hayo mawili kwa jina, na maelekezo ya kazi yaliyosema nini kuhusu akili unde. Hili la mwisho hurukwa mara nyingi sana. Ikiwa maelekezo yaliruhusu kusahihisha sarufi kwa programu, na mwanafunzi akafanya hivyo, sura ya insha yake inaweza kubadilika na kigunduzi kikaitaja, bila kosa lolote kutendeka. Ikiwa maelekezo hayakusema kitu, kamati haiwezi kutunga katazo baada ya kazi kukusanywa.

Barua ingeambatanishwa na ushahidi wote, ingempa siku 10 za kazi kujibu, ingemweleza kwamba anaweza kuja na mtu wa kumsindikiza, na isingetaja adhabu kana kwamba imekwisha kuamuliwa. Wala isingemwahidi nafuu akikiri kabla ya kusikilizwa. Kukiri kwa woga wa kufukuzwa ni ushahidi dhaifu sana, na kamati inayokutana na ungamo la namna hiyo inapaswa kuuliza lilipatikana katika mazingira gani.

Haki ya kusikilizwa ina mizizi mirefu katika vyuo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua mwanazuoni wake Richard Bentley shahada zake bila kumsikiliza. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamuru arudishiwe, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Adamu, kabla ya kutolewa bustanini, aliulizwa kwanza ajieleze. Karne tatu baadaye bado kuna mwanafunzi anayepata sifuri kwa barua pepe.

Siku ya kikao, kamati iwe na watu ambao hawakufundisha somo hilo na hawakushiriki uchunguzi. Mwalimu aje kama shahidi, atoe ushahidi wake, aulizwe maswali, kisha atoke. Mazoea ya kumwacha abaki chumbani wakati wa majadiliano yanaharibu shauri hata kama hakufungua mdomo.

Sehemu ngumu zaidi ni mahojiano ya ana kwa ana kuhusu insha. Wengi huyaona kama dawa: aliyeandika atajua alichoandika. Kwa kiasi fulani ni kweli, na mimi nayaunga mkono, lakini yana mitego. Mtu akiitwa wiki sita baada ya kukusanya insha, akaulizwa ukurasa wa nne unasema nini, anaweza asikumbuke, hasa akiwa ameandika insha nyingine tatu katikati. Akiwa na hofu, au akihojiwa katika lugha anayoiandika vizuri kuliko anavyoizungumza, atagugumia. Kugugumia hakuthibitishi kitu. Mahojiano yanakuwa ya maana pale mwanafunzi anapopewa nakala ya insha mezani, akapewa muda wa kuisoma, kisha akaulizwa mambo ya uamuzi: kwa nini ulianza na nadharia hii, ulipata wapi data hii, hoja hii ungeitetea vipi dhidi ya pingamizi hili. Maswali yaandikwe kabla, majibu yarekodiwe, na anayeyapima awe mtu mwingine, si mwalimu aliyetuhumu.

Katika shauri letu, mwanafunzi anaeleza kwamba yale marejeo mawili aliyatoa katika muhtasari alioukuta mtandaoni, hakufungua makala zenyewe. Anaonyesha kiungo. Muhtasari upo, na marejeo mabovu yamo ndani yake kama alivyoyanakili. Mahojiano yanaonyesha anaijua hoja yake vizuri. Kamati inafanya nini? Inaweza kumwona ana kosa la kutaja vyanzo asivyosoma, ikiwa kanuni zake zinalitambua na ikiwa alishtakiwa kwalo tangu mwanzo. Haiwezi kumtia hatiani kwa kutumia akili unde, kwa kuwa ushahidi uliobaki ni ile asilimia 68 peke yake. Na haiwezi kubadilisha shtaka katikati ya kikao kwa sababu la kwanza limeanguka. Ikitaka, iandike barua mpya na impe muda mpya.

Kiwango cha uthibitisho katika mashauri haya kwa kawaida ni kile cha madai, yaani kosa lionekane kuwa na uwezekano mkubwa wa kutendeka kuliko kutotendeka. Wapo wanaotaka kipandishwe hadi kile cha jinai. Sioni haja hiyo. Mwaka 1938, katika shauri la Briginshaw, Mahakama Kuu ya Australia ilieleza kwamba kiwango ni cha madai, ila jambo zito lenye matokeo mazito halipaswi kuthibitishwa kwa ushahidi usio thabiti na makisio yasiyo ya moja kwa moja. Kufukuzwa chuo ni jambo zito, na ripoti ya kigunduzi ni kisio lisilo la moja kwa moja kwa maana kamili: inakisia mwandishi kutokana na sura ya maneno.

Kisha rufaa. Hapa vyuo vingi vina kanuni nzuri kwenye karatasi na milango iliyofungwa kwa vitendo. Sababu za rufaa huwa ni ukiukwaji wa utaratibu, ushahidi mpya, au adhabu isiyolingana na kosa. Mwanafunzi anayelalamika kwamba kamati iliipa ripoti ya kigunduzi uzito usiostahili huambiwa hiyo ni kutoridhika na maamuzi tu, si sababu. Ningeongeza sababu ya nne iandikwe wazi: uamuzi ambao ushahidi uliokuwapo haukuweza kuubeba. Bila hiyo, kosa kubwa kuliko yote katika mashauri haya halina pa kusahihishiwa.

Rufaa inategemea sababu zilizoandikwa. Uamuzi unaosema "kamati imeridhika kwamba kosa limetendeka" hauwezi kukatiwa rufaa, maana hakuna anayejua umesimama juu ya nini. Kamati itaje ushahidi ilioukubali, iliokataa, na kwa nini maelezo ya mwanafunzi hayakutosha. Wanaosikiliza rufaa wawe wapya kabisa, na adhabu isimame hadi wamalize, kwa sababu mtu aliyekosa mtihani wa mwisho akisubiri rufaa ameadhibiwa hata akishinda. Mrufani pia asiadhibiwe zaidi kwa kukata rufaa. Hofu hiyo peke yake huwanyamazisha wengi.

Wakati wa rufaa hutokea pia jaribu la kuipitisha insha kwenye kigunduzi mara ya pili. Lisifanyike. Watengenezaji hubadilisha mitambo yao mara kwa mara, na insha iliyopata 68 mwezi Machi inaweza kupata 20 au 90 mwezi Julai. Namba mpya haithibitishi ya kwanza wala haiikanushi. Kinachohitajika ni ripoti ya awali ihifadhiwe kama ilivyokuwa siku ya tuhuma, ikiwa na tarehe, jina la mtambo na toleo lake, na mwanafunzi apewe nakala nzima, si picha ya skrini yenye namba moja nyekundu.

Panapowezekana, pawe na chombo nje ya chuo. Uingereza na Wales wana Ofisi ya Msuluhishi Huru wa Elimu ya Juu, OIA, ambayo mwanafunzi huiendea akishamaliza ngazi zote za ndani. Haisahihishi insha wala haiamui nani apate alama ngapi. Inaangalia kama chuo kilifuata utaratibu wake na kama uamuzi ulikuwa wa busara kwa ushahidi uliokuwapo. Pasipokuwa na chombo kama hicho, chuo kinaweza angalau kumweka mjumbe wa nje katika kamati ya rufaa, mwenye kura.

Na mwanafunzi akishinda, kazi ya chuo haijaisha. Insha isahihishwe upya na mtu asiyejua kwamba ilikuwa na shauri. Kumbukumbu ya tuhuma iondolewe kwenye faili lake, ili muhula ujao mwalimu mwingine asiikute na kuihesabu kuwa tukio la kwanza. Barua ya kumwondolea tuhuma ipelekwe kwa kila mtu aliyepelekewa ile ya kumtuhumu: idara, mfadhili, ofisi ya mitihani, ikiwa waliarifiwa.